Neno la katikati

Mama Zuhura alifika Laleli, mtaa wa maduka ya jumla kule Istanbul, Jumamosi saa mbili asubuhi, dola 4,000 ziko kiunoni zimeviringishwa kwenye kipande cha kanga ndani ya gauni, na humo 2,500 hazikuwa zake, zilikuwa za wenzake wa kikoba pale Kariakoo waliomwambia dada sisi Istanbul hatuijui, tunakujua wewe. Hayo maneno alikuwa nayo kifuani tangu anapanda ndege.

Mtaa mzima mageti yameshushwa. Duka aliloelekezwa, la magauni ya jumla, lilikuwa na lile geti la vyuma vya kulala, na nyuma ya vyuma kwenye kioo pamebandikwa karatasi ya mistari mitatu, sasa yeye akatoa simu akapiga picha chap chap, baridi imemshika vidole, chuma kimoja kimepita juu ya mstari wa katikati wala hakukiona. Kwenye picha yakabaki maneno mawili, PAZAR juu, KAPALI chini. Simu ikafikiria kidogo ikamtafsiria hicho Kituruki: Soko limefungwa.

Soko, si duka. Na mtu wa pwani angeanzia wapi kutia shaka, pazar, bazari, neno si ndo lilelile? Isitoshe jana yake kwenye tramu alipiga picha ya jina la kituo, Kapalıçarşı, simu ikamwambia soko lililofungwa. Akajumlisha moja na moja, basi hawa watu wamefunga tangu jana, labda wana sikukuu yao, watafungua kesho. Kulikuwa na mzee anafagia hatua kama kumi hivi pembeni yake, alitaka kumuuliza, lakini angemuuliza kwa lugha gani. Akaondoka.

Siku hiyo nzima alilala hotelini kule Aksaray. Mchana alisikia dirishani solotepu zinavutwa, krrrk krrrk, sauti ile ya watu wanafunga mizigo ya kago, na yeye ni mfanyabiashara miaka kumi na mbili anaijua hiyo sauti vizuri sana, ila alijiambia ni mizigo ya wiki iliyopita akageukia ukutani. Hapo ndo panauma mpaka leo akisimulia.

Jumapili akarudi. Kimya. Mageti chini, paka wawili, upepo. Ndege yake ilikuwa usiku huohuo. Akakaa kwenye ngazi ya duka, mkono kiunoni, akaanza kuhesabu majina ya wenzake mmoja mmoja, mama Neema mia tatu, mama Sudi mia tano za ada ya mtoto.

Akapita kijana anaongea na simu, Kiswahili cha Tanga kabisa. Akamwita hata salamu akasahau.

"Shikamoo mama, vipi?"

"Marahaba mwanangu. Hili soko wanafungua lini?"

"Kesho. Leo Jumapili hawafungui hawa."

"Na jana?"

"Jana walifungua toka saa tatu mpaka jioni."

Akamwonyesha picha. Kijana akaitazama, akaenda kwenye geti, akainama akachungulia chini ya kile chuma. "Mama, hapa katikati kuna neno. Günü. Yaani siku. Pazar günü ni siku ya Jumapili. Pazar ni soko kweli, lakini ndo jina la Jumapili pia. Wamesema Jumapili tumefunga."

Mama Zuhura hakujibu. Kijana naye akakaa hapohapo kwenye ngazi, akamfundisha taratibu, Cuma wanaitamka juma, ndo Ijumaa yetu, Cumartesi ni inayofuata Ijumaa, yaani Jumamosi, Pazartesi inayofuata Pazar, Jumatatu. Akayarudia yote mpaka akayashika. "Na kile kituo cha tramu?" "Lile ni soko kubwa la kale lenye paa, mama. Kapalı ni kufungwa, na ni kufunikwa."

Kubadili tiketi kulikula dola 180, akazitoa kwenye fungu lake mwenyewe. Halafu akampigia mwenyekiti wa kikoba akamweleza yote, hakuficha hata lile la solotepu. Upande wa pili kukawa kimya, kisha mwenyekiti akamuuliza, "Umekula lakini?" Hapo ndo machozi yakamtoka.

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa mlangoni. Yule mzee wa ufagio akampa mkono wa salamu. Saa tatu geti likapanda, vyuma vikajikunja kimoja kimoja, na karatasi ikabaki wazi kwenye kioo, mistari yote mitatu. Akaisoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya neno la katikati, halafu akaingia akaanza kuchagua magauni.