Ombi la kupitia upya usahihishaji wa swali la 4(b): urefu wa mti

Shikamoo Dokta,

Mimi ni Neema, mwaka wa pili, darasa la upimaji wa misitu. Jana nimepokea karatasi ya jaribio la pili, na naomba uniangalizie tena swali la 4(b), nililopata 2 kati ya 8.

Mpimaji alisimama mita 20 kutoka kwenye mkaratusi. Klinomita ilisoma nyuzi 38 kileleni na nyuzi −5 kwenye shina. Niliandika:

20 × (tan 38° + tan 5°) = mita 17.4

Pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu "toa, usijumlishe", na jibu likasahihishwa kuwa mita 13.9. Nadhani imetokana na kanuni ya kwenye notisi, h = d(tan A − tan B). Lakini hapa B ni hasi, kwa sababu shina liko chini ya usawa wa macho. Hasi mbili zinageuka kujumlisha. Tungetoa kama shina lingekuwa juu ya macho. Tena, sehemu ya mti iliyo juu ya macho peke yake ni 20 × tan 38°, yaani mita 15.6, kwa hiyo mti mzima hauwezi kuwa mita 13.9.

Alama 1 ya mchoro sidai, niliuchora kwa haraka na nikasahau kuonyesha pembe ya chini.

Nimeambatanisha picha ya ukurasa huo. Kama kuna nilichokosea, naweza kupita ofisini Alhamisi baada ya vitendo.

Ahsante sana, Dokta.

Neema