ONYO: TAIRI LIMEISHIWA UPEPO

Dereva, taa ya njano yenye alama ya mshangao ikiwaka kwenye dashibodi, punguza mwendo taratibu. Usikanyage breki ghafla, wala usikate kona kwa nguvu.

Matairi ya gari hili yana mbavu ngumu zinazobeba uzito hata pancha ikimaliza upepo wote. Ndiyo maana hakuna tairi la akiba kwenye buti. Lakini uwezo huo una kikomo:

MWENDO: usizidi kilomita 80 kwa saa.
UMBALI: usizidi kilomita 80, kuanzia taa ilipowaka.

Gari likijaa abiria na mizigo, au lami ikiwa ya moto, umbali huo hupungua sana. Ukipata pancha Chalinze, usipange kufika Morogoro. Tafuta gereji ya karibu.

Usilipime tairi kwa macho. Kwa nje litaonekana zima, huku ndani mbavu zikijikunja kila mzunguko, zikipata joto na kusagika hadi unga mweusi wa mpira ubaki kwenye rimu. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua, usukani ukitetemeka au gari likiyumba, simama mahali salama, weka pembetatu na uite gari la kuvuta. Hapo hata kilomita moja zaidi ni hatari kwa maisha yenu.

Mwambie fundi umeliendesha bila upepo. Asizibe tundu na kujaza upepo tu: alivue, alikague ndani. Mbavu zikiwa zimechubuka, tairi hilo halifai tena.