Maombi ya mkopo wa shilingi 2,400,000 kutoka Mfuko wa Ustawi wa Wafanyakazi

Neema J. Mkude,
Idara ya Upakiaji,
Hapa kiwandani,
Morogoro.
12 Januari 2026

Mwenyekiti,
Kamati ya Mfuko wa Ustawi wa Wafanyakazi,
Hapa kiwandani.

Kupitia kwa: Msimamizi wa Idara ya Upakiaji

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SHILINGI 2,400,000 KWA AJILI YA KUPAUA NYUMBA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama wa Mfuko tangu Januari 2017. Nachangia shilingi 20,000 kila mwezi na hadi Desemba akiba yangu imefika shilingi 2,160,000. Mwaka 2021 nilikopa shilingi 600,000 na nikamaliza kulipa kwa wakati. Sina deni jingine popote.

Naomba mkopo huu nipaue nyumba yangu iliyopo Kihonda, yenye vyumba viwili na sebule. Kuta zimesimama na mkanda umeshafungwa, ila hakuna kenchi wala bati. Mvua za vuli zimenyesha juu ya matofali yasiyo na lipu, na kozi za juu upande wa mashariki zimeanza kumomonyoka kwenye maungio. Masika ikizikuta kuta hizi wazi, nitalazimika kubomoa na kujenga upya sehemu ambayo nimeshailipia.

Fundi amenipigia hesabu hii: bati 62 za geji 28 kwa shilingi 27,000 kila moja, jumla 1,674,000, mbao zilizotiwa dawa za kenchi na papi 840,000, misumari na kofia 186,000, ufundi 450,000. Jumla ni shilingi 3,150,000. Mkononi ninazo 750,000, ndiyo maana naomba 2,400,000. Fisha bodi, dari na lipu sikuziweka makusudi. Hizo zitasubiri, nasi tutahamia hivyo hivyo.

Kwa riba ya Mfuko ya asilimia 5, nitarejesha shilingi 2,520,000 kwa miezi 12, yaani 210,000 kila mwezi, kuanzia mshahara wa Februari 2026 hadi Januari 2027. Mshahara wangu ni shilingi 780,000. Baada ya kodi ya mapato, NSSF, ada ya TUICO na mchango wa Mfuko napokea 610,000. Rejesho likikatwa nitabaki na 400,000, kiasi kinachozidi theluthi moja ya mshahara. Nakubali kwa maandishi makato hayo yafanyike kwenye mshahara wangu, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka.

Naomba Kamati iangalie hasa suala la kodi ya nyumba. Ninapoishi sasa nalipa shilingi 150,000 kwa mwezi, na nimeshalipa hadi tarehe 30 Juni. Kwa hiyo kuanzia Februari hadi Juni rejesho halitagongana na kodi. Nikihamia kwangu kabla ya Julai, kodi haitakuwepo tena, na hapo nitaweza hata kuongeza kiasi cha kurejesha kama Kamati itaruhusu. Nisipohama, mwenye nyumba atataka 900,000 ya miezi sita kwa mkupuo, na sitakuwa nayo.

Nimeshauriwa nikope kwa wale wa kausha damu, kwa kuwa hawaulizi maswali mengi. Sitaki. Nimeona wenzetu humu kiwandani wakichukuliwa kadi za benki, mshahara ukiingia hawaugusi. Mfuko huu tuliuchangia ili tusifike huko.

Ili Kamati iwe na uhakika na matumizi, naomba mkopo wote wa 2,400,000 ulipwe moja kwa moja kwa muuza vifaa vya ujenzi. Ankara yake nimeiambatanisha. Kwa zile 750,000 nilizonazo nitamalizia 300,000 ya vifaa na kumlipa fundi 450,000 yake. Ikiwa Mfuko hauna fedha za kutosha mwezi huu, niko tayari kupokea zote kwa pamoja katikati ya Februari kuliko kupewa nusu nusu, maana mbao zikikaa juu bila bati zitanyeshewa na kupinda.

Dhamana yangu ni akiba yangu yote iliyomo kwenye Mfuko. Wadhamini wawili, wanachama wa idara ya ufumaji, wameshasaini fomu. Ajira yangu ikikoma kabla sijamaliza deni, naridhia salio likatwe kwanza kwenye akiba hiyo, kisha kwenye malipo yangu ya mwisho kutoka kwa mwajiri.

Viambatanisho: fomu ya mkopo, hati za mshahara za Oktoba hadi Desemba 2025, ankara ya vifaa, makadirio ya fundi, picha za nyumba ilipofikia.

Niko tayari kufika mbele ya Kamati siku yoyote baada ya zamu ya asubuhi, au kuwapeleka wajumbe Kihonda wakaione.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Neema J. Mkude
Karani wa Upakiaji

Nakala: Ofisa Rasilimali Watu