Mishumaa ya harusi yenye majina: karafuu, langilangi au mchaichai

Glasi yenye kifuniko cha mbao, gramu 200 za nta ya soya, utambi wa pamba. Huwaka takriban saa 35. Bei ni shilingi 18,000 kwa mmoja, oda kuanzia mishumaa 12. Tunamimina kwa mkono hapa Unguja baada ya kupokea nusu ya malipo. Dukani hatuweki akiba.

Lebo inabeba mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 24, kwa herufi za Kilatini au za Kiarabu. Andika majina kama yalivyo kwenye kadi ya mwaliko. Mwezi uandike kwa neno, maana 3/4 mmoja atasoma Aprili na mwingine Machi. Rangi za nta ni nyeupe, maziwa na waridi hafifu tu: rangi ikizidi huziba utambi na moto hufifia. Asumini iliyokauka tunaifunga kwenye utepe wa nje. Juu ya nta hatuiweki hata ukiomba, kwa sababu hushika moto.

Oda huchukua siku 21. Mbili za kuchora lebo na kukutumia picha yake WhatsApp, tatu za kumimina, 14 za kukomaza, mbili za kufunga. Zile 14 hazipunguzwi kwa pesa ya haraka. Nta ya soya isipokomaa, mshumaa unawaka lakini chumba hakinukii. Mishumaa ikizidi 60, hesabu siku 28, bila safari ya boti na basi. Mwenye haraka achague nta ya nyuki isiyo na manukato, siku 7, shilingi 26,000.

Ukishajibu "sawa" kwenye picha ya lebo, pesa hairudi na oda haibadilishwi, hata harusi ikiahirishwa au jina likiwa limekosewa nawe. Mshumaa wenye majina ya maharusi hauna mnunuzi mwingine. Kabla ya hiyo "sawa" tunarudisha malipo yote. Kosa likiwa letu, au glasi ikifika imevunjika, tuma picha ya mshumaa na boksi ndani ya saa 48, tutamimina mwingine bila malipo. Mpya nao unahitaji siku zake za kukomaa, kwa hiyo fungua boksi siku lilipofika, usingoje mkesha wa harusi.

Utando mweupe kama unga juu ya nta si kasoro, ndiyo tabia ya soya. Boksi lisikae ndani ya gari juani, nta italainika na kuinama upande mmoja.

Mara ya kwanza uache uwake hadi uso wote uyeyuke, kama saa tatu. Ukizimwa mapema utachimba shimo katikati na nta ya pembeni itabaki. Kila kabla ya kuwasha, kata utambi ubaki milimita 5, usije ukatoa moshi na kuchafua glasi.