Ngorongoro 12 Desemba na KIA 25 Novemba: gumzo na uthibitisho wake

Gumzo la Jumanne, 24 Novemba 2026

Mteja: Dada habari, Ngorongoro ile Jumamosi ya mwezi wa 12 bado ipo? Tuko wanne, watoto wawili, 9 na 4.
Ofisi: Ipo mama, 1,150,000 kila kitu. Tunatoka saa 11.
Mteja: Haya, kesho natuma nusu. Tukishindwa mnarudisha eeh?
Ofisi: Hamna shida 😊

Uthibitisho

Mama Nasra, shikamoo. Safari yenu ni Jumamosi, 12 Desemba 2026, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Gari litawafuata nyumbani Njiro saa 11:00 alfajiri (05:00), siyo jioni. Tukichelewa kutoka, muda unaopungua ni ule wa kuona wanyama, maana magari yote lazima yawe yametoka kreta kabla ya saa 12 jioni. Sisi tutaanza kupanda saa 9:00 alasiri (15:00); Arusha tunategemea kufika saa 1:00 usiku (19:00).

Bei ni Sh 1,150,000 kwa wote wanne. Ndani yake kuna Land Cruiser ya paa la kufunguka, mafuta, dereva anayeongoza, viingilio, ada ya gari kushuka kreta, chakula cha mchana cha boksi na maji lita 1.5 kila mtu. "Kila kitu" haikuhusu soda, bahashishi ya dereva wala kifungua kinywa. Tutasimama Karatu, mtanunua wenyewe.

Viingilio tumevipiga kwa bei ya raia. Wewe na baba njooni na vitambulisho vya NIDA, watoto na vyeti vya kuzaliwa. Mtu mzima asipokuwa na kitambulisho, getini Loduare anaweza kutozwa bei ya mgeni, na tofauti hiyo mtalipa ninyi. Wa miaka 4 haingii kwenye kiingilio. Wavalisheni masweta, ukingoni asubuhi kuna ukungu na baridi kali. Chakula Ngoitokitok mleni ndani ya gari: mwewe hunyakua mkononi na kucha zake hukwaruza watoto.

Kianzio ni Sh 575,000, mwisho kesho saa 10:00 jioni (16:00). Baki mnalipa Jumatano, 9 Desemba.

Kughairi: hadi Ijumaa, 4 Desemba, kianzio kinarudi chote. Tarehe 5 hadi 9, kinarudi nusu. Kuanzia tarehe 10 hakirudi kitu, kwa kuwa kibali kinakuwa kimeshalipiwa na hakirudishwi. Gari likiharibika na tusipate jingine, tunarudisha zote. Masharti haya ndiyo yanayosimama badala ya "hamna shida". Ukikubali, jibu NAKUBALI.

Gumzo la pili

Mteja: Kaka kesho nipeleke KIA, ndege saa 1.
Ofisi: Poa.

Uthibitisho

Kaka, tiketi uliyotuma inasema 19:00, yaani saa 1:00 usiku, Jumatano 25 Novemba. Tunakuchukua Sakina saa 9:30 alasiri (15:30). Sh 80,000, mtu mmoja, mabegi mawili. Ukighairi baada ya saa 6:00 mchana, unalipa nusu.