Tathmini ya Lishe: Ovari Zenye Vifuko Vingi, Ziara ya Kwanza

Mteja ni mwanamke wa miaka 27, fundi cherehani, mkaazi wa Kondele, Kisumu. Ametumwa na daktari wa kina mama. Hedhi humjia kila baada ya miezi miwili au mitatu, ana ndevu chache kidevuni, na yeye na mumewe wanatafuta mtoto. Mamake ana kisukari.

Vipimo: urefu sentimita 162, uzito kilo 84 (32.0 kg/m²), kiuno sentimita 98, presha 124/80.

Insulini: Ngozi ya shingo na makwapa imekuwa nyeusi na nene, amekuwa akiisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Nimemweleza kwamba ni dalili ya ukinzani wa insulini: mwili hauisikii insulini vizuri, kongosho inaizidisha, na ziada hiyo inazichochea ovari kutoa homoni nyingi za kiume. Kabla ya kula, sukari ni 5.8 mmol/L na insulini 19 µU/mL (HOMA-IR 4.9). HbA1c ni 5.9%, juu ya kawaida ila si kisukari. Kwa kuwa anatafuta mimba, naomba daktari ampime pia kwa glukosi gramu 75.

Historia ya uzito: Alimaliza kidato cha nne akiwa na kilo 58. Uzito ulipanda alipoanza kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni, ukafika 81 akiwa na miaka 25. Mwaka jana aliishi kwa maji ya ndimu na mlo mmoja, akashuka hadi 75, kisha zikarudi zote na tatu juu. Jamaa wanamwambia ni mvivu, na alilia akisimulia. Hilo naliandika makusudi: asiambiwe tena hapa kliniki "punguza kula" tu.

Mlo wa jana: chai ya maziwa na mandazi matatu, mchana hakula, saa tatu usiku ugali mkubwa, omena na sukuma kidogo. Hunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja sukari vijiko vitatu.

Malengo: Alitaka kilo 58 kufikia Disemba. Tumekubaliana kilo 80 kwa miezi sita, takribani 5% ya uzito wake; punguzo dogo hivyo linaweza kurekebisha hedhi. Kiuno kifike 94.

Sukari ishuke kutoka vijiko 12 hadi 4 kwa siku. Mchana ale nyoyo ya mahindi na maharagwe, au yai na mboga, angalau siku tano kwa wiki. Usiku mboga zijaze nusu ya sahani (osuga na dek anazipenda), ugali robo, omena robo. Sokoni Kibuye aende kwa miguu, si kwa boda. Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa wiki. Aanze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku.

Arudi baada ya wiki nne na daftari la chakula na tarehe za hedhi. Tutapima kiuno kwanza, mizani baadaye.