Barua kwa Bodi: ombi la fedha za mfumo wa kufuatilia mitambo ya kliniki

Moshi, 9 Juni 2025

Kwa Mama Mwenyekiti na wajumbe wote wa Bodi

YAH: KUOMBA SH. 1,220,000 TUWEZE KUJUA MITAMBO IKIZIMA KABLA YA WAGONJWA

Shikamooni wazee wangu. Naomba mniwie radhi naandika kama ninavyoongea, nimejaribu mara 2 kuandika kwa lugha ya ofisi nikaona ninachotaka kusema kinapotea.

Tangu Aprili mitambo yetu imezima mara 3 na mara zote hakuna aliyejua kwa wakati, hata mimi ninayelipwa kujua. Niliwaletea maelezo ya kila tukio peke yake kwa hiyo pengine yalionekana kama bahati mbaya 3 tofauti, ila nikiyapanga pamoja naona tatizo ni moja tu, hamna kitu kinachoangalia mitambo muda ambao mimi siiangalii.

Tukio la Ijumaa 11 Aprili ndo linaniuma zaidi. Saa 10 jioni diski ya seva ilijaa, seva ikawa haiwezi kuhifadhi chochote kipya. Kwenye skrini za maabara kila kitu kilionekana sawa, mtu anaandika majibu, anayaona pale pale, anafunga anaenda kwa mgonjwa mwingine, kumbe hayajaingia popote. Jumamosi tukafanya kazi hivyo hivyo. Jumatatu saa 3 asubuhi mama mmoja kateremka na mtoto kutoka Kibosho kufuata majibu, daktari anafungua faili hamna kitu, ndipo nikaitwa. Nikafungua seva nikakuta mstari huu umejirudia mamia ya mara tangu Ijumaa:

```
No space left on device
```

Yaani seva ilikuwa inalalamika masaa 65 na hakuna aliyekuwa anaisikiliza. Kufuta mafaili ya zamani na kuiwasha upya kulinichukua dakika 20. Majibu 17 yalipotea kabisa. Wagonjwa 11 walirudi tukawapima tena bure, yule mtoto akiwemo, akachomwa sindano mara ya pili huku mama yake ananiangalia. Wengine 6 tumewapigia, namba hazipatikani, mpaka leo hatujawapata.

Na kuna jambo nililigundua baadaye ambalo naomba mlisome taratibu. Bakapu ya kila usiku ilikuwa imesimama tangu 8 Aprili, waya wa diski ya nje ulilegea nadhani siku ya usafi. Nimekuja kugundua 19 Mei, siku 41. Maana yake ile Ijumaa diski ilipojaa tulikuwa tayari siku 3 bila bakapu, na kama seva ingekufa moja kwa moja badala ya kujaa tu, kumbukumbu zote za wagonjwa baada ya 8 Aprili zingeondoka. Hilo la bakapu nakubali ni langu, nilipaswa kuikagua kila wiki, wiki zile nilikuwa nahangaika na vifaa vipya vya duka la dawa nikaliacha. Lakini mtu mmoja hawezi kukumbuka kila kitu kila siku, na mashine inaweza.

La 3 ni usiku wa Jumatano 21 Mei. Umeme ulikatika saa 7 usiku, betri ya akiba ya seva haikumaliza hata dakika. Ilikuwa imechoka miezi mingi ila taa yake ya kijani inawaka vizuri tu kwa hiyo ukiipita unaona nzima. Umeme ukarudi, seva ikawaka ila mfumo wa kumbukumbu haukuamka, nesi wa zamu akadhani ni ule usumbufu wa mtandao wa kila siku akaandika kwenye daftari mpaka asubuhi. Hakukosea kabisa, tumewazoesha wenyewe kwamba mfumo kusumbua ni kawaida.

Sasa ninachoomba. Kwanza kompyuta ndogo ya kukaa pembeni ya seva, sh. 380,000, kazi yake ni kuiuliza seva, rauta, bakapu na mashine ya maabara kila dakika "upo?" na "diski imebaki kiasi gani?". Programu nitakayoweka inaitwa Zabbix, ni ya bure, haina leseni ya kulipia kila mwaka, na nimeijaribu nyumbani kwenye laptopu yangu wiki 2 najua kuiendesha. Pili modemu ya laini ya simu sh. 90,000, na hii naomba isikatwe kwenye bajeti hata mkikata vingine, kwa sababu mtandao wa kliniki ukizima taarifa ya barua pepe haitoki, inakwama humo humo ndani na tatizo lenyewe. Meseji ya kawaida itapita. Itakuja hivi: "SEVA: diski imefika asilimia 85". Ningepata meseji kama hiyo mapema wiki ile ya Aprili ningeshughulikia nikiwa nakunywa chai na msingekuwa mnasoma barua hii.

Tatu betri mpya ya akiba sh. 420,000, yenye waya wa kuungana na kompyuta ili iseme yenyewe ikianza kuchoka, na umeme ukikatika sana seva izimwe kwa utaratibu badala ya kuanguka. Nne vipima joto 2 vya sh. 45,000 kila kimoja. Kimoja cha chumba cha seva, kingine cha friji la chanjo. Najua friji halikuwa kwenye haya matukio na manesi wanajaza kadi asubuhi na jioni bila kukosa, ila kati ya jioni na asubuhi hamna anayeangalia, na chanjo zinatakiwa zikae nyuzi 2 hadi 8, tena ile ya pepopunda ikiganda ndo imeharibika hata ukiiyeyusha. Kipima joto ni hicho hicho, nimeona tusilipie safari mbili.

Hapo inafika sh. 980,000. Ongeza sh. 20,000 kwa mwezi, ni vocha ya laini pamoja na huduma ndogo ya nje ya kliniki ambayo kompyuta yetu itaipigia kila dakika 5, ikinyamaza ile ya nje inatutumia meseji, maana umeme ukikatika jengo zima hata mlinzi mwenyewe amezima. Kwa mwaka ni 240,000, jumla 1,220,000.

Niseme ukweli, hii haitazuia umeme kukatika wala diski kufa. Itafanya tujue ndani ya dakika chache badala ya siku 3. Na meseji zisije kwangu peke yangu, nikiwa Himo bila mtandao au nikiumwa tunarudi pale pale, naomba ziende pia kwa Matroni wa zamu na Mhasibu, nitawafundisha hatua 4 za kwanza na kuzibandika ukutani. Sitaweka tahadhari za kila kitu pia, simu ikilia mara 30 kwa usiku watu wataizima.

Mkiridhia kwenye kikao cha Alhamisi 19 Juni nafunga ndani ya siku 10, vifaa vyote nimeviulizia hapa mjini na ankara 3 za bei nimeziacha kwa Mhasibu. Kama fedha haitoshi yote, naomba tuanze na kompyuta na modemu, sh. 470,000. Nitakuwepo kikaoni kujibu maswali.

Wenu katika kazi,
Afisa TEHAMA wa kliniki

Nakala: Mganga Mfawidhi, Matroni, Mhasibu